Barua ya Kumwalika Mama: Mwenyeji Aandike Nini, na Nini Asiandike



Ndugu wasomaji, akina mama na akina baba, binti wa pwani akiolewa ng'ambo na siku zake za kujifungua zikakaribia, swali linaloulizwa nyumbani ni la arubaini. Nani atamkanda mzazi? Nani atampikia uji wa pilipili manga na kumfundisha kumuogesha mtoto? Jawabu huwa ni moja: mama yake. Lakini baina ya Kisauni na Leicester kuna viza, na katika makaratasi ya viza kuna barua moja ambayo jamaa zetu huitegemea kupita kiasi, kisha huiandika kwa haraka. Hiyo ni barua ya mwaliko ya mwenyeji.

Juma hili tumependa tuizungumze barua hiyo kwa upande wa Uingereza, kwa kuwa huko ndiko waliko wengi katika watoto wetu. Nchi nyingine zina taratibu zake. Idara ya uhamiaji ya Kanada imeorodhesha mambo yanayotakiwa kutajwa katika barua, na Ujerumani huweza kumtaka mwenyeji aende ofisi ya wageni ya mji wake akatie saini ahadi rasmi ya gharama. Uingereza haina fomu kama hiyo kwa mgeni wa kawaida, wala haikulazimisha barua yenyewe. Mwenyeji huachiwa karatasi tupu na kalamu, na hapo ndipo makosa yanapoingia.

Kwanza tufahamu ni nani anayeisoma. Wengi huiandika barua kwa "Mheshimiwa Balozi", wakidhani kwamba ubalozini Nairobi yuko mtu atakayemwita mama, amtazame usoni na amsikilize. Mambo hayako hivyo. Mama, au mtu anayemsaidia, hujaza ombi la "Standard Visitor" katika tovuti ya GOV.UK, hulipa ada, huweka nakala za hati zake kwenye mtandao, kisha huenda kituo cha maombi ya viza akatoa alama za vidole na kupigwa picha. Baada ya hapo ombi humfikia afisa wa viza, ambaye mara nyingi huamua kwa kusoma makaratasi peke yake, bila ya kuonana na mwombaji. Kwa hiyo barua ya binti haitumwi ubalozini kwa posta. Binti huiandika kwa Kiingereza, huitia saini, huipiga picha au kuifanya faili, na humpelekea mama ili iingie pamoja na hati zake nyingine.

Afisa huyo ana maswali machache ya kisheria. Je, mgeni huyu anakuja kwa ziara ya kweli? Je, ataondoka ziara ikimalizika? Je, ziko fedha za kutosha bila ya yeye kufanya kazi huko? Na ikiwa yuko mtu mwingine anayegharimia, kanuni zinataka mambo matatu kwa mtu huyo: awe na uhusiano wa kweli na mgeni, asiwe amevunja sheria za uhamiaji za nchi ile, na awe na uwezo na nia ya kumgharimia kwa muda wote wa ziara.

Tukiyatazama maswali hayo tutaona mpaka wa barua ya mwenyeji. Binti anaweza kushuhudia yale anayoyajua na anayoyamiliki: kwamba huyu ni mama yake, kwamba anaishi nyumba fulani, kwamba ana mshahara fulani, kwamba anamwalika kwa sababu fulani na kwa siku fulani. Lakini swali la kurudi si lake. Hakuna binti anayeweza kuthibitisha kwa kalamu yake kwamba mtu mwingine atarudi kwao. Jawabu la swali hilo limo Mombasa, katika maisha ya mama mwenyewe, na ni hati za mama zitakazolisema. Mwenye kuufahamu mpaka huu amekwisha kuifahamu nusu ya kazi.

Na tuchukue mfano, ambao tumeutunga kutokana na mambo yanayojirudia. Mama anaishi Kisauni pamoja na mumewe na mjukuu anayesoma. Ana vyumba viwili vya kupangisha, kila kimoja shilingi 6,000 kwa mwezi, na anauza leso na vitambaa nyumbani. Binti yake yuko Leicester, ana ukaazi wa kudumu, ana mume na mtoto wa miaka minne, na anatarajia kujifungua tarehe 20 Oktoba. Barua yake ya kwanza ilikuwa hivi:

"Mheshimiwa Balozi, nakuapia kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba mama yangu atarudi. Ni mwanamke mcha Mungu na hajawahi kuvunja sheria. Nitamgharimia kila kitu. Nakuomba kwa unyenyekevu umruhusu aje akae miezi sita anisaidie mtoto ili nipate kurudi kazini. Mimi ni mjamzito na ninalia kila siku."

Machozi ya binti huyu ni ya kweli, na sisi hatuyadharau. Lakini tuisome barua kama asomavyo mtu asiyemjua yeye wala mama yake. Kiapo hakina hati nyuma yake. "Kila kitu" si kiasi cha fedha. Miezi sita ni muda wa juu kabisa anaoruhusiwa mgeni wa kawaida, na afisa atajiuliza ni mama gani mwenye mume, mjukuu na biashara anayeweza kuviacha nusu mwaka. Na neno lililoidhuru barua kuliko yote ni lile la "ili nipate kurudi kazini".

Hilo linahitaji maelezo. Mgeni haruhusiwi kufanya kazi Uingereza. Mwongozo wanaoufuata maafisa unamruhusu jamaa kuja kumtazama mtoto wa familia, kwa sharti kwamba iwe ni ziara fupi na isifikie hadi jamaa huyo kuwa kama yaya aliyeajiriwa. Bibi kumbeba mjukuu wake, kumpikia mzazi na kumkanda, hayo ni mambo ya jamaa na hayana ubaya. Lakini bibi anayekuja kwa miezi sita ili mama wa mtoto aende kazini anakaribia sana kuchukua nafasi ya yaya anayelipwa, na afisa ana haki ya kushuku. Ikiwa nia yenyewe ni hiyo, dawa si kuificha kwa maneno mazuri. Dawa ni kuibadilisha safari iwe ya arubaini kweli, na malezi ya baadaye yatafutiwe njia nyingine.

Sasa tuitazame barua hiyohiyo ikiandikwa kwa utaratibu. Tunaitoa kwa Kiswahili ili maana yake ifahamike. Penye neno "fulani" binti ataweka maelezo yake.

"Kwa Afisa wa Viza. Mimi, fulani binti fulani, niliyezaliwa tarehe fulani, ninaishi Leicester tangu 2016 na nina ukaazi wa kudumu. Anwani yangu ni fulani na simu yangu ni fulani. Ninaishi na mume wangu na mtoto wetu wa miaka minne.

"Namwalika mama yangu mzazi, fulani binti fulani, mwenye pasipoti nambari fulani, anayeishi Kisauni, Mombasa. Ninatarajia kujifungua tarehe 20 Oktoba. Ni desturi yetu mama kuwa na binti yake kwa siku arubaini baada ya uzazi. Amekusudia kufika tarehe 10 Oktoba na kuondoka tarehe 5 Desemba, muda wa wiki nane. Katika muda huo nitakuwa katika likizo ya uzazi, na mtoto wetu mkubwa ataendelea kupelekwa shule na baba yake. Mama hatafanya kazi yoyote.

"Atakaa nyumbani kwetu. Nyumba ni ya kupanga, ina vyumba vitatu vya kulala, na kimoja kitakuwa chake.

"Nitamnunulia tiketi ya kwenda na kurudi, ninayoikadiria pauni 700, na chakula na nauli za mjini ninavikadiria pauni 400. Mimi na mume wangu tunapokea jumla ya pauni 3,600 kwa mwezi baada ya kodi, na baada ya pango na matumizi yetu hubaki kiasi cha pauni 800. Nitakapokuwa katika likizo mapato yangu yatapungua, kwa hiyo tumeweka akiba ya pauni 2,500 kwa ajili ya ziara hii. Mama atakuja na shilingi 40,000 za akiba yake kwa matumizi madogo.

"Nimeambatanisha nakala ya pasipoti yangu na uthibitisho wa ukaazi, mkataba wa nyumba, hati zetu za mshahara, taarifa za benki za miezi sita, cheti changu cha kuzaliwa na cheti cha ujauzito. Wako, fulani." Kisha saini na tarehe.

Barua hii haikuzidi ukurasa mmoja. Haina kiapo wala sifa. Lakini kila sentensi yake ina karatasi inayoweza kuishika. Pango lina mkataba, mshahara una hati na benki, mimba ina cheti anachokitoa daktari au mkunga wa kule, kiitwacho MAT B1, ambacho kinaandika tarehe ya kutarajia kujifungua. Tazameni pia kwamba binti hakulificha jambo la mapato yake kupungua wakati wa likizo. Afisa angeliliona mwenyewe, na jambo analoliona afisa bila ya kuelezwa huwa ni shaka. Likielezwa na kujibiwa huwa ni hesabu tu.

Na siku zilizotajwa si za kubahatisha. Tarehe 20 Oktoba ukiongeza siku 40 unafika 29 Novemba. Mtoto akichelewa siku sita, arubaini inaangukia 5 Desemba, siku ya kuondoka. Msomaji wa barua anaona kwamba muda umepimwa kwa sababu, haukuchukuliwa mrefu kwa kuwa ulikuwapo.

Jambo la pili ni majina, na hili ni letu sisi watu wa pwani. Mzungu amezoea kuona mama na mwana wakishirikiana jina la ukoo. Kwetu mtoto huitwa kwa jina la baba yake na babu yake, na mama naye ana jina la baba yake mwenyewe. Kwa hiyo pasipoti ya mama na pasipoti ya binti hazifanani hata neno moja, na anayezisoma hana njia ya kujua kwamba hao ni mtu na mamake. Kinachowaunganisha ni cheti cha kuzaliwa cha binti, chenye jina la mama ndani yake. Hicho kisikosekane.

Kisha huja tatizo la tahajia. Katika cheti cha zamani mama ameandikwa Fatma, katika kitambulisho ni Fatuma, na katika pasipoti limeongezwa jina la babu. Kwetu huyo ni mtu mmoja. Katika makaratasi ni watu watatu. Mama aende kwa wakili akaape hati ya kiapo kwamba majina hayo yote ni yake, na hati hiyo iambatanishwe. Binti naye aongeze sentensi moja katika barua yake: "Jina la mama yangu limeandikwa Fatma katika cheti changu cha kuzaliwa, ni mtu mmoja na huyu." Na kila hati iliyo kwa Kiswahili, kama vile makubaliano ya upangaji yaliyoandikwa nyumbani, itafsiriwe kwa Kiingereza, na mfasiri athibitishe kwamba tafsiri ni sahihi, aweke tarehe, jina lake kamili, saini na mahali anapopatikana.

Jambo la tatu ni fedha za mama. Katika mfano wetu, pamoja na ile barua ya kwanza, jamaa walimshauri mama "aipendezeshe" akaunti yake. Binti akatuma fedha, mjomba akaongeza, na wiki mbili kabla ya ombi ziliingia shilingi 300,000 kwa mkupuo mmoja katika akaunti ambayo kwa kawaida ilikuwa na shilingi 9,000. Kisha katika fomu, palipoulizwa nani anagharimia safari, aliyejaza akaandika kwamba mama anajigharimia, ilhali barua ya binti inasema "nitamgharimia kila kitu". Na fomu ikataja ziara ya miezi miwili, barua ikataja sita.

Afisa akilikataa ombi kama hilo, hakumuonea mtu. Fedha zisizojulikana zilikotoka hazihesabiwi kuwa ni za mama, na karatasi mbili zinazopingana huangushana zote mbili. Ni bora mara nyingi mama aonyeshe kidogo kilicho chake: kodi ya vyumba inayoingia kila mwezi kwa M-Pesa, taarifa ya M-Pesa ya miezi sita, makubaliano na wapangaji, daftari la mauzo ya leso. Shilingi 40,000 zilizokusanyika pole pole zina nguvu kuliko shilingi 300,000 zilizoshuka usiku mmoja. Na ikiwa binti kweli ametuma fedha, zisemwe katika barua kwa kiasi chake na tarehe yake, na risiti ya kutuma iwekwe. Kupeana fedha hakukukatazwa. Kinachoharibu ni kuzifanya zionekane za mwingine.

Hati hizo za mama ndizo pia zinazojibu lile swali la kurudi ambalo binti hakuweza kulijibu. Wapangaji wanaomlipa, mume aliyebaki nyumbani, mjukuu anayelelewa naye na barua ya shule yake, hati ya nyumba: hivi ndivyo vinavyomrudisha mtu kwao. Mama anaweza kuandika barua yake mwenyewe fupi, akaeleza nani atakusanya kodi na nani atabaki na mtoto akiwa safarini. Maelezo hayo madogo humuonyesha afisa kwamba kurudi kwake kumekwisha kupangwa.

Kuhusu wakati, ombi halipokewi mapema kuliko miezi mitatu kabla ya tarehe ya kusafiri. Kwa safari ya 10 Oktoba, mlango unafunguka 10 Julai. Jawabu kwa kawaida huchukua kiasi cha wiki tatu baada ya kutoa alama za vidole, na huweza kuchelewa. Kwa hiyo Juni iwe ni mwezi wa kukusanya hati na kusahihisha majina, na Julai iwe ya kuomba. Tiketi isinunuliwe kabla ya viza kutoka. Katika barua inatosha kutaja tarehe zilizokusudiwa na makadirio ya nauli. Na kwa kuwa mgeni hutozwa kwa matibabu mengi ya hospitali kule, mama mwenye sukari au presha akatiwe bima ya safari, na gharama yake itajwe katika hesabu.

Na ombi likikataliwa? Mama hupewa barua yenye sababu. Kwa ziara ya kawaida, kwa jumla hakuna rufaa ya mahakamani, lakini hakuna kizuizi cha kuomba tena. Kosa kubwa hapa ni kuomba tena kesho yake kwa barua ileile yenye kiapo kikubwa zaidi. Sababu zisomwe moja moja, na kila moja itafutiwe hati: palipoandikwa kwamba fedha hazikuelezwa, zielezwe; palipotiliwa shaka uhusiano, kiletwe cheti. Na fomu mpya itauliza kama aliwahi kukataliwa. Ajibu ndiyo, na aeleze. Kumbukumbu ya mwanzo ipo kwao, na anayelificha anaweza kuhukumiwa kuwa ametumia udanganyifu, jambo linaloweza kumfungia mtu mlango kwa miaka 10.

Hili la mwisho linawahusu pia wale wanaowaandikia wengine barua kwa malipo, wakabuni mshahara au wakatengeneza taarifa ya benki. Barua ya mwaliko ni ushahidi, na ushahidi wa uongo tunajua hukumu yake kwa Mola kabla ya kuijua hukumu yake kwa serikali. Anayelipwa huenda zake. Anayefungiwa miaka 10 ni mama wa watu, ambaye huenda hakujua hata kilichoandikwa.

Basi kabla barua haijatumwa, binti na mama wapigiane simu jioni moja, kila mmoja akiwa na karatasi zake mkononi: binti na barua, mama na fomu. Wasomeane tarehe, wasomeane majina herufi kwa herufi, wasomeane nani analipa nini na kiasi gani. Penye tofauti, ombi lisiende mpaka isahihishwe.

Wabillahi tawfiq.